Hotuba ya Mwisho Katika Kesi ya Kuigiza

Wanafunzi waigizapo kesi shuleni, mashahidi huja mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake, wala hawafuatani kama mambo yenyewe yalivyofuatana. Kazi ya msemaji wa mwisho ni kuviunga vipande hivyo viwe kisa kimoja. Na akumbuke kuwa asomaye aweza kurudi ukurasa wa nyuma, lakini hakimu asikiaye hana njia ya kurudi.

Na tutwae mfano. Mwanafunzi, tumwite Juma, ameshitakiwa kuiba taa ya baiskeli ya mwalimu. Shahidi wa kwanza, fundi wa baiskeli, asema aliinunua taa kwa Juma Jumamosi saa 2 asubuhi. Wa pili, mlinzi, alimwona mtu akitoka ghalani Ijumaa saa 4 usiku, amevaa kofia nyekundu kama ya Juma, uso hakuuona. Wa tatu, mwalimu, asema taa ilikuwapo ghalani Ijumaa magharibi, naye aijua kwa alama aliyoikwaruza chini yake. Juma mwenyewe asema aliiokota njiani.

Msemaji akifuata zamu ya mashahidi, hakimu atasikia taa imeuzwa kabla haijaibwa. Basi na afuate saa: “Ijumaa magharibi taa imo ghalani, mwalimu ametuambia. Saa 4 usiku mtu mwenye kofia nyekundu atoka ghalani; mlinzi ametuambia. Asubuhi yake, saa 2, Juma aiuza taa ile ile yenye alama, fundi ametuambia.” Kila sentensi ina wakati, tendo, na shahidi wake. Tendo hutangulia ili sikio lipate kisa, shahidi hufuata ili hakimu ajue kisa hakikubuniwa.

Lakini mlinzi hakuuona uso. Jambo hili lisifichwe, kwa kuwa mtetezi wa Juma atalifichua. Msemaji na aseme mwenyewe: “Mlinzi hakuuona uso, wala hatumtegemei yeye peke yake. Fundi aliuona, mchana kweupe.”

Hata hivyo fundi aliona kuuza, hakuona kuiba. Hapo ndipo kesi ilipo. Kwa hiyo msemaji ataishia hapo: “Tangu saa 4 usiku hata saa 2 asubuhi ni saa 10 tu. Je, yaaminika kuwa mwizi aliitupa taa njiani, na Juma akaiokota, akaiuza, katika muda huo?” Hakimu akiona yaaminika, Juma ataachiliwa, maana shaka ya haki ni ya mshitakiwa. Wala msemaji asiongeze kwamba Juma alitetemeka, ikiwa hakuna shahidi aliyesema hivyo; neno moja la kubuni huyatia mashaka yote mengine.

Kabla ya siku ya kesi, msomee hotuba mwenzako asiyeijua habari hiyo, mara moja tu, kisha mwambie akusimulie. Pale atakapokwama, pana kiungo kilichopotea.