Sura ya Pili: Panga kwa Mada, Siyo kwa Majina

Mpwa wangu anasoma shahada ya uzamili ya elimu, na utafiti wake unahusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Mwaka jana alikuja nyumbani na Sura ya Pili ya tasnifu yake, ile ya mapitio ya maandiko. Kurasa kumi na nane. Msimamizi wake alikuwa ameisoma yote, na pembeni mwa karibu kila aya ameandika kwa kalamu nyekundu neno lile lile: "Halafu?"

"Mjomba," akaniambia, "vitabu vyote nimevisoma. Nimeeleza kila mmoja kasema nini. Sasa anataka nini tena?"

Nikaichukua sura ile nikasoma mwanzo wa kila aya, basi. Mlama na Matteru (1977) walifanya utafiti. Criper na Dodd (1984) waligundua. Vavrus (2002) alichunguza. Mwinsheikhe (2002) alitafiti. Rubagumya (2003) aliangalia. Qorro (2006) anasema. Brock-Utne (2007) alilinganisha. Kila mwandishi amepewa aya yake, kama wageni waliopangwa kila mtu chumba chake na mlango umefungwa. Hakuna aliyesikia mwenzake amesema nini. Anayetaka kujua watafiti hawa wanakubaliana wapi na wanapingana wapi inabidi abebe mwenyewe kichwani aya saba na kuzilinganisha, na kazi hiyo ndiyo hasa aliyopaswa kuifanya mwandishi wa sura.

Tulikaa sakafuni siku mbili. Nilimwomba karatasi nyeupe, akazikata vipande vya ukubwa wa kadi ya mwaliko. Sharti lilikuwa moja: kila kipande kibebe wazo moja tu, na chini yake jina la aliyelisema na mwaka. Mwandishi mwenye mawazo manne apate vipande vinne. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu mtu akishazoea kumfikiria mwandishi kama kitu kimoja hapendi kumgawa.

Criper na Dodd ndio waliomfungua macho. Hawa walikuwa wataalamu wa Uingereza walioandika ripoti ya mwaka 1984 kuhusu ufundishaji wa Kiingereza Tanzania na matumizi yake kama lugha ya kufundishia. Mpwa wangu alikuwa amewaandikia aya moja ndefu yenye mambo mawili yaliyobanwa pamoja. La kwanza ni matokeo ya vipimo vyao: ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa na Kiingereza cha kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa lugha hiyo ndiyo kwanza yaanze. La pili ni pendekezo lao: Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari, ila kiimarishwe. Nikamwambia aviandike vipande viwili. Akaviweka mkononi, kimoja kulia na kimoja kushoto, akavitazama kwa muda.

"Mbona haviendi njia moja?" akauliza.

Haviendi. Kipande cha matokeo kinakaa jirani kabisa na kazi ya Penina Mlama na May Matteru iliyochapishwa na BAKITA mwaka 1977. Hao waliingia madarasani wakakuta wanafunzi wanaoulizwa swali kwa Kiingereza wanababaika, na swali lile lile likiulizwa kwa Kiswahili wanajibu. Lakini kipande cha pendekezo kinasimama upande wa pili kabisa, maana Mlama na Matteru walitaka Kiswahili kitumike. Kwa hiyo tuna makundi mawili ya watafiti walioona jambo moja na kutoa ushauri unaopingana. Katika kurasa zile kumi na nane habari hiyo haikuwepo popote, ingawa kila sentensi iliyohitajika kuijenga ilikuwepo. Iliuawa na mpangilio.

Tulipomaliza kuandika, tulitandaza vipande vyote na kuanza kuvikusanya. Nilimkataza kuyapa mafungu majina mapema. Wanafunzi wengi huanza na vichwa vya habari walivyovipenda, "Changamoto", "Mitazamo", "Nadharia", kisha wanatafuta cha kutia ndani. "Changamoto" ni kapu la taka: kila kitu kinaingia na hakuna kinachofafanuliwa. Tulifanya kinyume. Tulichukua kipande kimoja, tukauliza kinajibu swali gani, tukatafuta vingine vinavyojibu swali hilo hilo, hata kama jibu ni tofauti. Hasa kama jibu ni tofauti.

Yakapatikana mafungu matatu. Fungu la kwanza linauliza: nini kinatokea darasani mwanafunzi anapofundishwa kwa lugha asiyoimudu? Humo waliingia Mlama na Matteru, matokeo ya Criper na Dodd, Halima Mwinsheikhe aliyechunguza somo la sayansi, na Birgit Brock-Utne aliyeangalia masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili akalinganisha namna wanafunzi wanavyoshiriki. Fungu la pili: wanafunzi na wazazi wenyewe wanataka nini, na kwa nini? Humo yumo Frances Vavrus, aliyefanya kazi na vijana wa Kilimanjaro walioendelea kukithamini Kiingereza, na Casmir Rubagumya, aliyeandika juu ya shule za msingi za Kiingereza zilizokuwa zinachipuka kama soko jipya. Fungu la tatu: je, kukitumia Kiingereza kufundishia masomo mengine ndiyo njia ya kukijua? Pendekezo la Criper na Dodd linaelekea kusema ndiyo. Martha Qorro anasema siyo: kujifunza lugha ni jambo moja, na kujifunza fizikia kwa lugha ambayo bado huijui ni jambo jingine.

Kila fungu tukaliandikia kichwa chenye umbo la dai, siyo neno moja. Badala ya "Mitazamo ya wazazi", akaandika: "Wazazi na wanafunzi wanachagua Kiingereza kwa sababu za maisha, siyo za ufundishaji." Kichwa cha namna hiyo kinakulazimisha uthibitishe, na kikikushinda kukithibitisha kwa vipande ulivyonavyo unajua mapema.

Kisha tukachora jedwali. Mistari ya kulala ilikuwa kazi saba, mistari ya kusimama mafungu matatu. Katika kila kisanduku aliandika kwa maneno machache mwandishi anasema nini kuhusu swali hilo, na asiposema kitu akaacha wazi. Jedwali hilo ndilo lililomwonyesha kwamba Qorro hakai fungu la tatu peke yake. Hoja yake inagusa la pili pia: kama wazazi wanachagua shule za Kiingereza wakiamini ndiyo njia ya kukijua Kiingereza, basi uchaguzi wao umesimama juu ya jibu la swali la tatu, jibu ambalo watafiti bado wanalibishania. Hivyo fungu la pili na la tatu zikapata daraja, na mpangilio wa sura ukajitokeza: kwanza darasani, kisha nyumbani kwa mzazi, mwisho swali linaloziunganisha.

Aya yake ya zamani ilisomeka hivi: "Mlama na Matteru (1977) walifanya utafiti kuhusu haja ya kutumia Kiswahili. Waligundua kuwa wanafunzi hawaelewi Kiingereza. Criper na Dodd (1984) walipima Kiingereza cha wanafunzi. Waligundua kuwa kiwango kiko chini."

Mpya ilisomeka hivi: "Kwamba wanafunzi wa sekondari hawakimudu Kiingereza kiasi cha kujifunzia si jambo la ubishi tena. Waliotaka Kiswahili kitumike waliliona madarasani (Mlama na Matteru, 1977), na waliotaka Kiingereza kibaki walilithibitisha kwa vipimo vyao wenyewe (Criper na Dodd, 1984). Mgawanyiko unaanzia kwenye tiba: wa kwanza wanabadili lugha ya kufundishia, wa pili wanaboresha Kiingereza."

Ukiyafunika majina kwa kidole katika aya ya kwanza, hakibaki kitu cha kusoma. Ukiyafunika katika ya pili, hoja inasimama. Ndicho kipimo ninachokiamini zaidi. Wapo wanaobandika vichwa vya mada juu ya aya zile zile za majina na kudhani wamemaliza. Kidole kinawaumbua mara moja.

Njia hii nayo ina hatari zake, na moja ilimkuta mpwa wangu. Katika rasimu ya kwanza ya fungu la kwanza aliwaweka Mlama na Matteru na Brock-Utne katika sentensi moja kana kwamba walikaa darasa moja siku moja. Kati yao kuna miaka 30. Mwaka 1977 waliofika sekondari walikuwa wachache waliochujwa kwa mtihani. Ilipofika 2007 shule za kata zilikuwa zinafunguliwa nchi nzima na idadi ya wanafunzi imeongezeka mno. Matokeo kufanana katika hali tofauti kiasi hicho ni hoja yenye nguvu, lakini ni lazima uiseme. Kwa hiyo ndani ya kila fungu akarudi kufuata miaka, na kila utafiti akautajia ulifanyika kwa nani na kwa njia gani.

Hatari nyingine ni kumkata mwandishi ukabaki na nusu unayoipenda. Anayetetea Kiswahili anaweza kuichukua ile asilimia 10 ya Criper na Dodd na kunyamaza kuhusu pendekezo lao. Huo si upangaji wa mada, ni kumlisha mtu maneno. Tulikubaliana kwamba mwandishi aliyegawanywa mafungu mawili atajwe kwa wazi, angalau mara moja, kuwa ndiye yule yule.

Faida iliyomfurahisha zaidi msimamizi ilikuja bila kutafutwa. Vipande vya fungu la kwanza vilipokaa pamoja, mpwa wangu aliona kwamba ulinganisho wa lugha mbili katika kazi alizonazo ulikuwa wa vipindi vichache na mada moja moja. Hakuna katika kundi hilo aliyewafuata watoto wale wale toka Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Pengo la utafiti ambalo alikuwa ameliandika kwa sentensi ya kubahatisha, "tafiti zaidi zinahitajika", sasa lina umbo: muda. Amebadilisha hata swali lake la utafiti kwa ajili hiyo.

Sakafuni kilibaki kipande kimoja kisicho na fungu: Tume ya Makweta, 1982, iliyopendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na pendekezo halikutekelezwa. Pamoja nacho zilikuwapo sera za elimu za 1995 na 2014. Alijaribu kukilazimisha katika fungu la tatu, kikawa kinakatiza hoja. Nikamwambia habari za sera zinataka kusimuliwa kwa miaka, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila moja inajibu iliyotangulia. Akakiokota kipande kile, akakihamishia Sura ya Kwanza, kwenye usuli wa tatizo.