Fuso Mbili za Mahindi: Andiko Ambalo Mwenye Kinu Atalisoma

Maandiko mengi ya vikundi vya wakulima huanza na dira, dhamira na picha ya wanachama waliojipanga mbele ya ghala. Mnunuzi huziruka kurasa hizo. Mwenye kinu cha sembe ana maswali matatu tu: mtanipa tani ngapi, yatakuwa makavu kiasi gani, na mnataka fedha lini.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima 40 wa mahindi wilayani Kongwa, si mbali na soko la Kibaigwa. Kila mmoja analima wastani wa ekari mbili, na mwaka wa mvua ya kuridhisha ekari moja inatoa magunia manane ya kilo 100. Hesabu ya haraka inaleta magunia 640, yaani tani 64, na hapo ndipo katibu hushawishika kuandika “tani 60”. Akifanya hivyo amekiweka kikundi rehani. Kila kaya itabakiza magunia kumi ya chakula, nayo ni 400. Yanabaki 240. Kati ya hayo, machache yatauzwa kwa mlanguzi ili mtoto apelekwe shule au deni la mbolea lilipwe, na hakuna azimio la mkutano litakalozuia hilo. Ahadi ya kweli basi ni tani 20, ambazo ni Fuso mbili za tani kumi. Tani nne zinazosalia ndizo kinga ya kikundi. Mnunuzi naye anapendelea hesabu inayojaza gari kuliko tani nyingi zinazokuja kwa mafungu.

Vipimo viwe kilo kwenye mizani, si gunia. Ukiandika gunia bila kilo, umeikaribisha lumbesa.

Kwenye ubora ndiko ugomvi mwingi huzaliwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mkulima hupima ukavu kwa kung’ata punje. Wapo wanaotia punje kwenye chupa pamoja na chumvi kavu na kutikisa: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Njia hiyo inafaa kurudisha mzigo mbichi kwenye turubai, lakini haiwezi kutofautisha 13 na 14.5. Kwa hiyo kikundi kiwe na kipima unyevu chake, na andiko liseme wazi kwamba kipimo kinachotambulika ni kile kinachochukuliwa ghalani kwa kikundi, pande zote mbili zikiwepo, kabla gari halijapakiwa. Mzigo ukishafika kinuni, mkulima hana tena nguvu ya kubishana. Nauli ya kuurudisha inamnyamazisha.

Mahindi yakizidi unyevu kidogo, si lazima yakataliwe. Yakatwe uzito kwa hesabu inayojulikana. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 16, ikikaushwa hadi 13.5, inabaki kilo 971. Makato ya haki ni kilo 29, pengine na gharama ya kukausha juu yake. Kama andiko halikutaja hesabu hii, dalali atakata 60 na kusema ndivyo ilivyo siku zote.

Sumukuvu ni jambo jingine, kwa sababu haionekani na haisambai sawasawa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili yake. Gunia moja linaweza kuwa salama na la pembeni yake likawa na sumu, kwa hiyo bambo lichomwe kwenye magunia mengi, punje zichanganywe, kisha sampuli igawanywe na kufungwa kwa lakiri: moja ya mnunuzi, moja ya kikundi. Bila ile ya pili, majibu ya maabara ya mnunuzi hayana wa kuyapinga.

Malipo ndiyo yanayovunja vikundi. Mlanguzi analipa taslimu shambani. Mnunuzi mkubwa anasema siku 30. Mwanachama mwenye mgonjwa hawezi kungoja. Ningependekeza asilimia 70 ilipwe gari likipakiwa na 30 ndani ya siku saba. Bei ikiwa shilingi 700 kwa kilo, Fuso moja ni milioni saba, na milioni 4.9 zinaingia akaunti ya kikundi siku hiyohiyo. Bei yenyewe isifungwe mwezi wa Machi. Ifuate wastani wa wiki katika soko la Kibaigwa, pamoja na nyongeza ndogo ya ubora, na iwe na kiwango cha chini ambacho haitashuka.

Hatimaye, mstari ambao wengi huona haya kuuandika: gari lisipofika ndani ya siku tano tangu mnunuzi aarifiwe kwa maandishi kwamba mzigo uko tayari, kikundi kina uhuru wa kuuza kwingine bila fidia.