Cha juu kwenye odi hakikatwi sawa

Tuseme kampuni ya kubeti imetoa odi hizi: timu kubwa iliyo nyumbani 1.25, sare 6.00, kibonde wa ugenini 13.00. Ukigawa 1 kwa kila odi unapata asilimia 80, 16.7 na 7.7. Jumla yake ni 104.4, na mechi haiwezi kuzidi asilimia 100. Hizo 4.4 ndizo cha juu cha kampuni.

Ili kupata uwezekano halisi, wengi hugawa kila asilimia kwa jumla hiyo. Timu kubwa inabaki na 76.7, sare 16.0 na kibonde 7.4. Hesabu ni nyepesi, ila inachukulia kwamba odi zote zimekatwa kwa kiwango kimoja, na mara nyingi sivyo.

Mwaka 1949 Richard Griffith alichunguza mbio za farasi za Marekani, ambako odi hutokana na pesa za wachezaji wenyewe. Aliona farasi wasiotarajiwa wakiwekewa pesa kuliko uwezo wao, na wanaotarajiwa wakipuuzwa. Watu hupenda dau dogo lenye ushindi mnono. Miaka ya 1990 mwanauchumi Hyun Song Shin aliongeza sababu ya upande wa kampuni: inaogopa mtu mwenye habari za ndani. Mtu huyo akimbetia kibonde, malipo ni mara 13 ya dau, kwa hiyo kampuni hujikinga kwa kubana zaidi odi kubwa.

Njia mojawapo ya kurekebisha ni kupandisha kila uwezekano kwa kipeo kimoja, kikubwa kidogo kuliko 1, hadi jumla iwe 100. Hapa kipeo ni kama 1.068. Kipeo hicho hupunguza namba ndogo kwa uwiano mkubwa zaidi, hivyo tunapata 78.8, 14.7 na 6.5.

Tazama tofauti kwa pesa. Kwa njia ya kwanza, kila shilingi 1,000 inapoteza wastani wa shilingi 42, uwe umebetia kigogo au kibonde. Kwa njia ya pili, kwa kigogo unapoteza kama 15, kwa kibonde kama 160. Ndiyo maana odi ya 13.00 inaweza kuonekana ya bei poa kwa hesabu ya kwanza, kumbe ndiyo ghali kuliko zote.

Ipi iaminiwe? Kusanya matokeo ya mechi nyingi zilizopita, ziweke kwenye makundi kwa odi, kisha hesabu ushindi. Kama vibonde wa 13.00 wameshinda karibu mara 65 katika kila mechi 1,000 badala ya 74, kipeo kimekaribia ukweli. Mechi 100 hazitoshi, kwa kuwa hapo tofauti haifiki hata ushindi mmoja. Na timu zikilingana nguvu kwenye soko la matokeo mawili, njia zote mbili hutoa jibu karibu lilelile.