Fumbo la kugawa sarafu gizani

Fumbo la kugawa sarafu gizani ni fumbo la hisabati ambamo mtu aliyefungwa macho hupewa rundo la sarafu mezani na kuambiwa ni ngapi kati yake zinaonyesha kichwa. Anatakiwa azigawe katika makundi mawili yenye idadi sawa ya vichwa. Anaruhusiwa kuzihesabu, kuzisogeza na kuzigeuza, lakini haruhusiwi kutambua upande wa sarafu yoyote.

Nchini Tanzania sarafu ya shilingi 100 inafaa kwa jaribio hili. Upande mmoja una kichwa cha Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mkoani Mara mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999. Upande wa pili una swala. Vizibo vya soda havifai, kwani kidole hutambua mara moja upande wenye meno. Hata sarafu mpya huweza kumsaidia mjanja mwenye vidole vyepesi, hivyo ni vema avae glavu.

Wengi hukwama kwa sababu hudhani kwamba makundi lazima yawe na sarafu nyingi sawasawa. Fumbo halisemi hivyo. Kinachotakiwa kulingana ni vichwa tu, na kundi moja linaweza kuwa dogo kuliko lingine.

Utatuzi ni mfupi. Ikiwa vichwa ni 7, mchezaji anatenga sarafu 7 zozote, kisha anageuza kila moja kati ya hizo 7. Zilizobaki haziguswi tena.

Tuseme mezani kuna sarafu 20, na 7 kati yake zinaonyesha Nyerere. Mchezaji ametenga 7, na bila yeye kujua, 3 kati ya hizo ni vichwa na 4 ni swala. Kwa kuwa vichwa vyote ni 7, katika sarafu 13 zilizobaki vimo vichwa 4. Akigeuza kundi lake, vile vichwa 3 vinakuwa swala na wale swala 4 wanakuwa vichwa. Sasa kila kundi lina vichwa 4. Kama angebahatika kutenga vichwa vyote 7, baada ya kugeuza kila kundi lingebaki na sifuri, na hilo nalo ni jibu sahihi.

Sababu yake ni kwamba kila kichwa kinachokosekana katika kundi la 7 kimo katika kundi la pili, na nafasi yake katika kundi la 7 imechukuliwa na swala. Kwa herufi, vichwa vyote viwe H, sarafu zilizotengwa ziwe m, na vichwa vilivyomo ndani yake viwe x. Baada ya kugeuza, kundi lililotengwa lina vichwa m − x, na lililobaki lina H − x. Tofauti yao ni H − m, na x imetoweka. Ndiyo maana mchezaji hahitaji kujua amebahatika kiasi gani. Inatosha achague m iliyo sawa na H.

Hesabu hiyohiyo husaidia kutambua kosa. Mchezaji akiambiwa vichwa ni 7 kumbe ni 9, kundi lililobaki litazidi kwa vichwa 2, hata achague sarafu zipi. Akigeuza kwa makosa zile 13 badala ya 7, katika mfano huu zitakuwa na vichwa 9 dhidi ya 3, na tofauti hiyo ya 6 itajirudia kila mara. Tofauti ya 1 kwa kawaida huonyesha kwamba sarafu moja ilisahauliwa, au iligeuzwa mara mbili, jambo ambalo ni sawa na kutoigeuza. Lakini sarafu mbili zikisahauliwa, moja kichwa na nyingine swala, makosa hufutana na hakuna atakayejua. Njia salama ni kuzipanga zote 7 kama mnara kwenye kiganja, kufunika kwa kiganja cha pili, kisha kupindua mikono yote miwili kwa pamoja.

Bila kugeuza, fumbo halina uhakika wa jibu. Vichwa 7 haviwezi hata kugawanyika sawasawa, kwa kuwa ni namba witiri. Bila kujua idadi ya vichwa pia haiwezekani kuwa na njia ya uhakika. Tuseme mtu anayo njia hiyo, na kabla hajaanza, mwenzake anageuza kimyakimya sarafu moja tu. Mikono ya mchezaji itafanya yaleyale, kwa sababu haoni kilichobadilika. Sarafu ile itaangukia kundi moja na kuongeza au kupunguza kichwa kimoja hapo, huku kundi la pili likibaki lilivyokuwa. Kama mwanzo makundi yangelingana, sasa hayalingani.