Kidole, Kioo na Kilicho Katikati

Oktoba 2019 Samsung ilikiri kwamba simu yake ya Galaxy S10 ingeweza kufunguka kwa kidole cha mtu asiyesajiliwa. Mwanamke mmoja wa Uingereza alikuwa ameivalisha yake kava la silikoni linaloziba hata kioo, na mumewe akaifungua bila taabu. Huko Korea Kusini, KakaoBank iliwashauri wateja wazime alama za vidole mpaka programu irekebishwe.

Kisomaji cha S10 kimefichwa chini ya kioo na hurusha mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Pale tuta la kidole linapogusa kioo, sehemu ya wimbi hupenya ngozini. Penye mfereji kuna hewa, na wimbi karibu lote hurudi. Tofauti hiyo ndiyo inayochora alama. Kava lile lilikuwa na michoro yake midogo, na simu ikaisoma kama alama ya kidole. Michoro hiyo ilibaki palepale, akibonyeza mke au mume.

Protekta ya kioo kigumu huleta balaa la kinyume. Gundi isiposhika vizuri, hewa hubaki katikati, wimbi hugonga hapo na kurudi kabla ya kukifikia kidole, na mwenye simu anakataliwa. Ndiyo maana kisomaji cha aina hii huhitaji protekta nyembamba iliyoshika pote. Ukishaibandika, futa alama za zamani usajili upya.

Kisomaji cha mwanga utakitambua gizani: kioo huwaka vikali pale unapoweka kidole, na kamera ndogo iliyo chini hupiga picha ya mwanga unaorudi. Maji yakijaa mifereji ya kidole, picha hufifia. Ngozi kavu nayo haigandi vizuri kwenye kioo, na jua kali huweza kuivuruga picha.

Kwa kazi za kila siku, mimi nakiamini zaidi kisomaji cha pembeni, kile kilichomo ndani ya kitufe cha kuwashia, ambacho simu nyingi za bei nafuu wanacho. Hupima chaji ya umeme kati ya ngozi na kitufe, na hakuna protekta inayokifunika. Udhaifu wake ni wembamba: huona kipande kidogo tu cha kidole. Jasho hukichanganya, na fundi ujenzi ambaye saruji imemsugua vidole hukataliwa mara kwa mara. Msajili dole gumba akiwa ameishika simu kama anavyoishika siku zote, akiligeuza kidogo kila mguso, na simu ikikubali, alisajili mara mbili.

Kwa visomaji vya chini ya kioo, kabla ya kuondoka kwa fundi aliyekubandikia protekta, sajili kidole chako, kisha mwombe yeye ajaribu kwa chake. Simu ikifunguka, bandua protekta hiyo, futa alama zote, na utumie namba ya siri mpaka upate nyingine.