Kompyuta Ikikupambia Slaidi

Katibu wa chama cha akiba na mikopo anaandaa slaidi za mkutano mkuu. Ameshaandika moja yenye kichwa "Masharti ya mkopo wa dharura", na chini yake mistari minne: mwombaji awe mwanachama kwa miezi 6 au zaidi, asiwe na mkopo mwingine ambao hajaumaliza, awe na wadhamini 2, kiasi kisizidi mara 2 ya akiba yake. Mara upande wa kulia wa PowerPoint kunafunguka safu ya picha ndogondogo. Ni slaidi ileile, imepambwa kwa namna tano au sita. Moja ina visanduku vinne vya rangi vilivyounganishwa kwa mishale. Nyingine ina duara kubwa la bluu lililokatwa ubavuni. Nyingine imesukuma maandishi yote nusu ya kushoto ili nusu ya kulia ikae picha.

Kifaa hicho kinaitwa Designer, na Microsoft walikitoa mwaka 2015 kwa watumiaji wanaolipia programu zao kwa mwezi au kwa mwaka. Kinahitaji intaneti, kwa sababu mapendekezo hayatungwi ndani ya kompyuta yako. Yaliyomo kwenye slaidi hutumwa kwenye seva za Microsoft na mapendekezo yakarudi. (Mwenye slaidi ya majina ya wadaiwa sugu na afikirie hilo kwanza.)

Designer huangalia zaidi umbo la ulichoandika: kuna kichwa, kuna mistari mifupi minne, kuna picha moja. Hukisia maana kwa kiasi fulani, lakini haijui slaidi itasomwa na nani, kwenye ukumbi gani, wala mstari upi ndio utakaozua ubishi. Ni kama fundi cherehani aliyekupima kifua na kiuno bila kuuliza kama nguo ni ya harusi au ya msiba. Kwa hiyo pendekezo linaweza kuwa safi kwa macho na bado likawa kosa.

Turudi kwenye mishale. Mshale unasema kitu: hiki kwanza, kisha kile. Masharti ya mkopo wa dharura hayana kwanza wala kisha. Yote manne yanatakiwa kwa pamoja, na mwombaji akikosa moja hapati. Mwanachama aliyekaa nyuma, akiona visanduku vinafuatana kwa mishale, ana haki ya kuelewa kwamba akishatimiza la kwanza anaweza kuanza taratibu huku akitafuta wadhamini. Wiki inayofuata yuko dirishani anadai. Hapo mapambo yametunga sharti ambalo halimo kwenye katiba ya chama.

Hiki ndicho kipimo ninachokiweka mbele ya vingine vyote: kila umbo lililoongezwa, uliza linasema nini, kisha uliza kama ni kweli. Mshale ni mfuatano, duara la mishale ni mzunguko usiokwisha, ngazi ni kupanda daraja, na visanduku vilivyolingana ukubwa ni mambo yenye uzito sawa. Ikiwa habari yako ni hatua za kuomba mkopo, yaani kuchukua fomu, kupata saini za wadhamini, kupeleka kwa kamati na kusubiri malipo, basi mishale ni ya haki, na pendekezo limekuokolea kazi. Lipokee.

Maumbo mengine hayasemi lolote. Duara la bluu lililokatwa ubavuni si kweli wala uongo. Mmarekani Edward Tufte, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu michoro ya takwimu, aliupinga vikali wino usiomwongezea msomaji habari. Mimi simfuati mpaka mwisho. Nembo ya chama kwenye kona haimdhuru mtu. Lakini pambo linalokula nafasi lina gharama, na gharama hiyo inapimika kwa rula.

Slaidi ya kawaida ya PowerPoint, ile pana, ina kimo cha pointi 540. Katika mpangilio wa kawaida, maandishi ya orodha huanza na ukubwa wa pointi 28. Projekta ikitoa picha yenye kimo cha mita 1.5 ukutani, maandishi hayo yanachukua karibu sentimita 8, kuanzia ncha ya juu ya herufi ndefu hadi mkia wa herufi ya chini. Sasa yabane maandishi hayohayo ndani ya visanduku au kwenye nusu ya slaidi, yashuke hadi pointi 16. Ukutani hayafiki sentimita 4.5. Kwenye kompyuta ya katibu, iliyo kwenye urefu wa mkono, tofauti hiyo haionekani kuwa kitu. Mzee aliyekaa safu ya mwisho ndiye anayeilipa. Kwa hiyo kabla ya kukubali pendekezo, bofya ndani ya maandishi, soma namba ya ukubwa kwenye menyu ya Home, kisha linganisha na ile ya mwanzo. Ikiwa imeshuka sana na hujaongeza neno, jua nafasi imeliwa na mapambo.

Picha nazo zina lake. Ukiweka picha ya pamoja ya wanachama, Designer huweza kuikata ili ijaze umbo fulani, na waliosimama pembeni wakapotea. Picha yenyewe huwa haijaharibika: iteue, nenda Picture Format, bonyeza Crop, na sehemu iliyofichwa itajitokeza ili uivute upya.

Ukishaamua kukataa, njia inategemea umekwenda umbali gani. Kama umebonyeza pendekezo sasa hivi, Ctrl+Z inatosha. Kama umeshaendelea na kazi nyingine, usirudi nyuma hatua thelathini. Orodha iliyogeuzwa kuwa mchoro huwa imewekwa kama SmartArt. Ibofye, fungua SmartArt Design, chagua Convert, kisha Convert to Text, na mistari yako itarudi kuwa maandishi ya kawaida. Baada ya hapo, kwenye Home, fungua Layout uchague Title and Content, halafu bonyeza Reset ili maandishi yarudi mahali pake na ukubwa wake.

Wengi hukwama kwenye pambo lisilokamatika. Unabofya duara la bluu, halichaguliki. Unabonyeza Delete, halifutiki. Hiyo ni dalili kwamba halimo kwenye slaidi bali kwenye mpangilio ulio nyuma yake. Kubadili Layout kwa kawaida huliondoa. Likiwa limeingia kwenye mpangilio unaoutaka, nenda View, kisha Slide Master, ulifute huko. Kumbuka tu kwamba ukilifuta huko, litatoweka kwenye kila slaidi inayotumia mpangilio huo.

Si lazima kukataa kila kitu kwa mkupuo. Katibu wetu anaweza kupenda rangi za pendekezo na kuiacha mishale, au kuchukua nafasi pana kati ya mistari na kulitupa duara. Na kama safu ile ya kulia inamkera kila aongezapo picha, aende File, Options, General, aondoe alama kwenye "Automatically show me design ideas". Designer haitatoweka, itasubiri kuitwa kwa kitufe chake.

Slaidi ya masharti ya mkopo wa dharura haihitaji kuitwa. Kichwa, mistari minne kwa pointi 28, na maneno "yote manne kwa pamoja" kwa herufi nzito chini yake: hiyo iko tayari kwa mkutano.