Lita kumi za kunywa kwa siku: jiko, kidonge au chujio?

Chukua familia ya watu watano Dar es Salaam, inayojaza dumu la lita 20 bombani au kwa jirani mwenye kisima. Wakijibana na chai ikihesabiwa pembeni, maji ya kunywa hayapungui lita 10 kwa siku, yaani lita 300 kwa mwezi. Hizo ndizo tutakazozipigia hesabu. Bei ninazotumia ni za kukadiria, na kila mmoja abadilishe kwa bei ya dukani kwake. Viwango vya nishati ndivyo visivyobadilika sana.

Kuchemsha ndiyo njia inayoaminika kuliko zote, na kwa kuua vimelea sifa hiyo ni ya haki. Bakteria wa kipindupindu, virusi vya kuharisha na vijidudu vya amiba hufa hata kabla maji hayajafika nyuzi 100. Mtokoto tunausubiri kwa sababu hakuna mwenye kipimajoto jikoni, na mapovu makubwa yakishapanda, dakika moja inatosha. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama wa Makete, maji huchemka kwa joto la chini kidogo, hivyo wanashauriwa wayaache dakika tatu. Anayeyaacha robo saa anachoma pesa tu.

Na pesa zenyewe si haba. Kuchemsha lita 10 kwenye jiko la gesi, sufuria ikiwa imefunikwa, hula karibu gramu 140 za gesi, sawa na kilo nne kwa mwezi. Mtungi wa kilo 6 hautavuka mwezi mmoja na nusu hata kama hujapikia chochote kingine. Kilo ikiwa shilingi 4,000, hiyo ni 16,000 kwa mwezi. Kwa mkaa ni karibu nusu kilo kwa siku, kilo 15 kwa mwezi, na kwa shilingi 1,000 kwa kilo unafika 15,000. Kweli, wapo wanaotenga maji kwenye makaa yaliyobaki baada ya maharage kuiva, na hao hulipa pungufu. Lakini makaa yaliyobaki mara nyingi huyafikisha maji kwenye uvuguvugu tu, na ukiona mvuke umetoka bila mtokoto, usijidanganye kwamba yamechemka.

Umeme una kisa chake. Birika la umeme halipotezi joto jingi, hivyo lita 10 hula kama uniti moja, uniti 29 kwa mwezi. Mteja wa matumizi madogo, ambaye uniti humgharimu karibu shilingi 122 pamoja na kodi, atalipa kama 3,500 tu. Tatizo ni kwamba bei hiyo ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Birika litakula zaidi ya theluthi yake, na nyumba yenye friji itavuka mpaka kwa urahisi. Kwa bei ya kawaida ya karibu 356, uniti zilezile 29 ni zaidi ya shilingi 10,000.

Halafu kuna jambo ambalo bei haisemi. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote baada ya kupoa. Ukiyamimina kwenye ndoo isiyosafishwa, au mtoto akichota kwa kikombe chenye vidole ndani, vimelea vinarudi na hakuna cha kuvizuia. Kwa hiyo anayechemsha hana budi kununua pia ndoo yenye kifuniko na bomba chini.

Hapo ndipo kidonge kinapopata nguvu. Vidonge vya klorini vinavyouzwa madukani, kama WaterGuard na vile vya Aquatabs vya miligramu 67, hutengenezwa ili kimoja kitibu lita 20 za maji maangavu. Tumbukiza, koroga, funika, subiri dakika 30. Klorini inayosalia huendelea kuyalinda maji kwa muda wa siku moja hivi, hata kikombe kichafu kikiingia. Tukikadiria kidonge shilingi 100, kimoja kwa siku ni 3,000 kwa mwezi, na umepata lita 20 badala ya 10.

Lakini kidonge kinadai maji yawe maangavu. Tope na majani hula klorini kabla haijavifikia vimelea. Maji yakiwa na ukungu, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha weka vidonge viwili. Kipimo rahisi ni pua: baada ya nusu saa, harufu hafifu ya dawa ni dalili njema, usiposikia chochote, klorini imekwisha kuliwa. Wengi huichukia harufu hiyo na kukamulia limau. Hakuna ubaya, ila baada ya dakika 30, kwa maana vitamini ya limau huiua klorini papo hapo. Na usiyahifadhi kwenye mtungi wa udongo wa bibi. Maji yatapoa vizuri, lakini udongo humaliza klorini haraka kuliko plastiki.

Chujio la udongo ndilo lenye hesabu ngumu. Lile la umbo la chungu lilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, na siku hizi hutengenezwa sehemu nyingi, pamoja na Uganda. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au pumba za mpunga. Vikiungua tanuruni huacha vitundu vidogo mno, kisha chungu hupakwa madini ya fedha. Hukamata bakteria na vijidudu wengi sana, hung'arisha maji, na hakichomi mkaa wala kunuka. Virusi, kwa udogo wao, hupenya kwa wingi.

Tuseme umelinunua kwa shilingi 80,000. Likidumu miaka miwili, ni kama 3,300 kwa mwezi, karibu sawa na kidonge. Likivunjika mwezi wa tano, ni 16,000, sawa na gesi. Utafiti wa Kambodia uliona karibu asilimia 2 ya machujio yakiacha kutumika kila mwezi, sababu kubwa ikiwa kuvunjika. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza kama chungu cha akiba kinauzwa peke yake bila ndoo.

Chungu kizuri hutoa kama lita moja hadi tatu kwa saa. Kikianza kwenda polepole, kimeziba: kisugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Kikianza ghafla kwenda kasi, usifurahi. Kina ufa, hata kama jicho haliuoni, na hapo hakichuji tena.

Kwa familia yetu ya Dar, maji yakiwa maangavu, mimi ningenunua vidonge na ndoo ya bomba. Anayechota mtoni au kwenye lambo, ningemshauri chujio, na kidonge kiwekwe kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kipindupindu kinapotangazwa. Wa Arusha na Meru wakumbuke kwamba floraidi inayotia meno rangi ya kahawia haiondolewi na njia yoyote kati ya hizi. Kuchemsha huizidisha kidogo, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Chumvi ya visima vya pwani nayo ni hivyo hivyo.

Jiko lisizimwe kabisa, hata hivyo. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kipimo cha nyumbani haikiui, na huwaumiza zaidi watoto wadogo na wenye kinga dhaifu. Kwa hao, lita moja au mbili zichemshwe kila asubuhi na kuwekwa kwenye chupa ya chai yao peke yao. Kwa gesi, hazifiki gramu 30.